Barua ya Maneno 134 na Pampu Iliyoharibika

Soma aya hii kwanza, na usiiruke hata kama inachosha. Ni barua ya katibu wa kamati ya maji ya kitongoji kwenda kwa meneja wa maji wa wilaya. Nimeitunga mwenyewe, na kitongoji chenyewe ni cha kubuni, lakini mtu yeyote aliyewahi kufungua barua kwenye ofisi ya umma Tanzania atavitambua virai vyote vilivyomo. Juu yake kuna mstari mmoja wa herufi kubwa: YAH: KUHARIBIKA KWA PAMPU YA KISIMA. Kisha inaendelea:

“Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii adhimu kukujulisha ya kwamba sisi wananchi wa Kitongoji cha Mbuyuni tumekuwa tukikabiliwa na changamoto kubwa sana katika suala zima la upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama, hali ambayo kwa namna moja au nyingine imesababishwa na kuharibika kwa pampu ya kisima chetu ambacho ndicho tunachokitegemea sisi sote. Ikumbukwe kwamba tatizo hili limekuwepo kwa muda mrefu sasa na taarifa zilishatolewa kwa wahusika mara kadhaa lakini mpaka kufikia wakati huu wa sasa hakuna hatua zozote zile ambazo zimeweza kuchukuliwa. Hivyo basi kutokana na hali hiyo, tunaomba ofisi yako iweze kufanya utaratibu wa kutuma fundi ili aweze kuja kufanya ukaguzi wa pampu hiyo na kuweza kutoa makadirio ya gharama za matengenezo kwa ajili ya kuwezesha kamati kufanya maandalizi ya uchangishaji wa fedha.”

Hayo ni maneno 134. Pampu, ambayo ndiyo sababu ya barua kuandikwa, inatajwa kwa mara ya kwanza kwenye neno la 54. Ombi linaanza kwenye neno la 99. Meneja mwenye barua nyingi mezani asubuhi hiyo huenda asifike huko akiwa bado makini, na akifika, atakuwa amekwisha kusahau ni kitongoji gani kinachoomba.

Tusimcheke katibu. Ameandika kwa heshima, na kwake heshima ni kuzunguka kidogo kabla ya kuomba, kama mgeni anavyouliza habari za nyumbani kabla ya kusema kilichomleta. Tena amejifunza lugha hii mahali inapofanya kazi yake vizuri, yaani kwenye mikutano. Msikilizaji wa hotuba hawezi kurudi nyuma kusikiliza upya, kwa hiyo msemaji humpa muda wa kupumua: “kama nilivyotangulia kusema”, “ikumbukwe kwamba”, “napenda kuchukua fursa hii”. Maneno hayo yakitamkwa hupita na upepo. Yakiandikwa hubaki palepale, na msomaji hulazimika kuyavuka moja moja. Hata hivyo ni kwenye mikutano hiyohiyo ambako Waswahili walibuni mojawapo ya vifupisho bora kabisa vya lugha yao. Badala ya kuwataja viongozi wote kwa vyeo na kwa mpangilio, msemaji husema “itifaki imezingatiwa” na kuendelea na hoja. Kasoro ni kwamba wengine huwataja viongozi wote kwanza, kisha ndipo husema itifaki imezingatiwa.

Shule nayo ina mkono wake. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, KCSE, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili imekuwa ikidai insha isiyopungua maneno 400, na Karatasi ya Pili ina swali la ufupisho lenye alama 15, ambapo mtahiniwa hupewa kikomo cha maneno. Mwanafunzi yuleyule hufundishwa kujaza, kisha hufundishwa kufupisha. Akimaliza shule, kinachobaki mkononi mara nyingi ni kile cha kwanza.

Ufupisho wa mtihani, hata hivyo, si kazi tunayoifanya hapa. Anayefupisha taarifa huchagua hoja kuu na kuacha nyingine. Anayepunguza maneno haachi hoja yoyote. Kila jambo lililokuwa kwenye aya ndefu lazima liwemo kwenye aya fupi. Kinachoondoka ni maneno ambayo hayakubeba jambo. Ukikosea hapo utatoa barua fupi iliyopoteza ombi, na hiyo ni mbaya kuliko ile ndefu.

Ndiyo maana kalamu haianzi kwa kukata. Huanza kwa kupiga mstari chini ya mambo. Katika barua ya Mbuyuni nayaona saba: wanaoandika ni wananchi wa Mbuyuni; hawapati maji safi; pampu imeharibika; kisima hicho ndicho pekee wanachokitegemea; taarifa zilitolewa na hakuna kilichofanyika; wanaomba fundi aje kukagua na kukadiria gharama; kamati itachangisha fedha. Kila kitu nje ya mistari hiyo kiko mashakani mpaka kijitetee.

Tuanze na mlango. Kanuni ninayoitumia ni kali lakini haijaniangusha: lolote lililo mbele ya jambo la kwanza linaondoka. “Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu” inamwambia msomaji kwamba barua inahusu kile ambacho mstari wa YAH umekwisha kukisema, sentimita mbili juu. “Kwanza kabisa” inaahidi pili ambayo haitakuja. “Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukujulisha ya kwamba” ni kutangaza kwamba unakaribia kusema, na anayekaribia kusema anaweza kusema tu. Jambo la kwanza ni wananchi wa Mbuyuni. Barua ianzie hapo. Tumeondoa maneno 18 bila kupoteza chochote, na tumebakiwa na “sisi wananchi wa Kitongoji cha Mbuyuni”.

Sasa tuje kwenye kitenzi, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta ya Kiswahili cha maofisini iko hapo. Kitenzi chetu hubeba mzigo mzito peke yake. “Tunakitegemea” lina mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Mwandishi asiyeamini kwamba neno moja limetosha huyatoa nje yale yaliyomo na kuyaandika upya kando yake. Tazama kwa karibu kirai hiki cha katibu: “kisima chetu ambacho ndicho tunachokitegemea sisi sote”. Kisima kinarejelewa na “ambacho”, kinarejelewa tena na “ndicho”, kinarejelewa mara ya tatu na “-cho-” ndani ya kitenzi, na mara ya nne na “-ki-” linalofuata. Wategemezi nao wametajwa na “tu-”, kisha na “sisi”, kisha na “sote”. Maana yote hiyo inaingia kwenye maneno matatu: “kisima chetu pekee”.

“Amba-” ndiyo ya kuitazama zaidi, maana imetumika mara tatu katika aya moja. Mara nyingi huyeyuka ndani ya kitenzi: “mtu ambaye alikuja” ni “aliyekuja”, “hatua ambazo zitachukuliwa” ni “zitakazochukuliwa”. Lakini msiichinje kila mnapoiona. Kirejeshi hukaa vizuri ndani ya kitenzi chenye -na-, -li- au -taka-, na hakikai kwenye -me- wala -ja-. “Wanachama ambao hawajalipa” hawana njia ya mkato. Ukiandika “wanachama wasiolipa” umepunguza neno moja na kuwavunjia watu heshima: wa kwanza wamechelewa, wa pili wana tabia. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mhariri yeyote.

Kisha kuna “kuweza”. Barua ya Mbuyuni inayo mara nne, na ndugu yake “kuwezesha” mara moja. Kuipima ni rahisi. Jiulize kama sentensi inazungumzia uwezo kweli. “Watoto hawawezi kuvuka korongo mvua ikinyesha” inazungumzia uwezo, kwa hiyo inabaki. “Ili aweze kuja kufanya ukaguzi” haina shaka yoyote kuhusu uwezo wa fundi. Inamtaka aje tu. “Hatua ambazo zimeweza kuchukuliwa” ni mbaya zaidi, kwa sababu inazifanya hatua zionekane kama kitu kilichojaribu na kushindwa chenyewe. Ondoa “kuweza” na tumia hali ya dhamira, ambayo Kiswahili kinayo tayari: atume, aje, akague, ianze.

Na kuna “kufanya”. Hii hutokea mwandishi anapokichukua kitenzi chenye nguvu, akakigeuza nomino, kisha akatafuta kitenzi dhaifu cha kuisukuma nomino hiyo. Kukagua kunakuwa kufanya ukaguzi wa. Kuandaa kunakuwa kufanya maandalizi ya. Kukadiria kunakuwa kutoa makadirio ya. Katika maisha ya kila siku hakuna mama anayemwambia binti yake afanye zoezi la ufagiaji wa uwanja, ila tukishika kalamu tunaandika “zoezi la usafishaji wa mazingira”. Dawa ni kukirudishia kitenzi kazi yake. Isipokuwa pale ambapo nomino ni jina la kitu chenyewe, kama Uchaguzi Mkuu au ukaguzi wa hesabu wa mwaka. Hapo hakuna kilichofichwa, na kuibadili ni kujisumbua.

Mapacha nao hawachukui muda. “Mpaka kufikia wakati huu wa sasa” ni “hadi sasa”. “Zozote zile” ni “zozote”, na baada ya “hakuna” mara nyingi hata hilo halihitajiki. “Hivyo basi kutokana na hali hiyo” ni viunganishi vitatu vinavyogombea mlango mmoja, na hapa hata kimoja hakihitajiki, kwa sababu msomaji aliyeambiwa pampu imeharibika haitaji kuelezwa kwa nini mnaomba fundi.

“Maji safi na salama” lilinipa kazi kidogo. Ni kirai kilichozoeleka kiasi kwamba maneno hutoka pamoja bila mtu kufikiri. Lakini safi na salama si kitu kimoja: maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa na vimelea vya kipindupindu. Kwenye ripoti ya afya ningeyaacha yote mawili. Kwenye barua ya kuomba fundi, “safi” linatosha kumweleza meneja kwamba watu wanachota maji mengine, na hayo si ya kunywewa.

Tukifanya hayo yote, tukiwa waaminifu kwa yale aliyoyasema katibu, tunapata hivi:

“Wananchi wa Kitongoji cha Mbuyuni hatupati maji safi kwa sababu pampu ya kisima chetu pekee imeharibika. Tulishatoa taarifa mara kadhaa, lakini hakuna hatua iliyochukuliwa. Tunaomba utume fundi aikague pampu na kukadiria gharama ya matengenezo ili kamati ianze kuchangisha fedha.”

Maneno 39. Wahariri wengi wangeishia hapo na kujipongeza. Mimi naona kazi ndiyo imeanza, kwa sababu sasa, baada ya majani kuondoka, mashimo yanaonekana. Soma tena sentensi ya pili. Taarifa zilitolewa kwa nani? Lini? “Mara kadhaa” ni mara ngapi? Katika barua ndefu maswali haya hayakujitokeza, kwa sababu kulikuwa na “ikumbukwe kwamba”, “kwa muda mrefu sasa” na “wahusika” yaliyojaza nafasi. Na “muda mrefu” nimelazimika kuliacha kabisa, kwa sababu halikuwa jambo. Lilikuwa kivuli cha jambo.

Hili ndilo ambalo miongozo mingi ya uandishi hailisemi. Neno la kujazia halikai popote tu. Aghalabu hukaa mahali ambapo taarifa ilitakiwa kuwepo na haipo. “Hivi karibuni” hukaa mahali pa tarehe. “Baadhi ya”, “mbalimbali” na “kwa kiasi kikubwa” hukaa mahali pa idadi. “Wahusika” na “mamlaka husika” hukaa mahali pa cheo cha mtu. “Kwa namna moja au nyingine” hukaa mahali pa namna yenyewe. Na “changamoto”, neno zuri lililochoshwa, hukaa mahali pa jina la tatizo: changamoto ya maji inaweza kuwa kisima kimekauka, maji yana chumvi, bei ya ndoo imepanda, au kisima kiko mbali. Meneja hupeleka watu tofauti kwa kila mojawapo ya hayo.

Kwa hiyo unapolikuta neno la aina hii, usilifute kwanza. Liulize swali. Likijibiwa, weka jibu mahali pake. Likikosa jibu, ndipo ulifute.

Tumrudie katibu wetu na maswali manne. La kwanza: muda mrefu ni tangu lini? Anafungua daftari la kamati na kusema tarehe 3 Machi. La pili: wahusika ni nani? Hapa anasita kidogo. Walimweleza mtendaji wa kijiji, mara mbili, tarehe 5 na tarehe 19, kwa mdomo. Kumbe ofisi ya wilaya haijawahi kusikia habari hii! Barua ya kwanza ilikuwa inamlaumu meneja kwa kupuuza jambo ambalo hajawahi kuambiwa, na neno “wahusika” ndilo lililoificha lawama hiyo hata kwa aliyeiandika.

Swali la tatu: pampu imeharibikaje? Ni pampu ya mkono aina ya Afridev, zile zenye mpini mrefu ambazo hupatikana katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Mpini umekuwa mwepesi kuliko kawaida na maji hayatoki kabisa. Kwa fundi, hayo ni maelezo yenye thamani. Mpini mwepesi usiotoa maji humfanya ashuku fimbo zilizoachana huko chini. Maji yanayotoka baada ya kupampu kwa muda mrefu humfanya ashuku vali inayovuja. Anajua abebe nini kabla hajapanda pikipiki. Swali la nne: mnahitaji makadirio kwa lini? Kabla ya mkutano wa kitongoji wa tarehe 12 Aprili, kwa sababu hapo ndipo kiwango cha mchango kwa kila kaya kitapitishwa. Na kaya ni ngapi? 140.

Sasa barua inaandikika:

“Wananchi wa Kitongoji cha Mbuyuni hatujapata maji safi tangu tarehe 3 Machi, pampu ya kisima chetu pekee ilipoharibika. Ni pampu ya mkono aina ya Afridev. Mpini umekuwa mwepesi na maji hayatoki. Tulimwarifu mtendaji wa kijiji tarehe 5 na 19 Machi, hatujapata jibu. Tunaomba utume fundi aikague na kukadiria gharama kabla ya mkutano wa kitongoji wa tarehe 12 Aprili, ili kamati ianze kuchangisha fedha. Kaya 140 zinategemea kisima hiki.”

Maneno 68, yaani nusu ya yale 134 na neno moja juu. Imerefuka kutoka 39, na ni bora kuliko ile ya 39 kwa mbali. Anayehesabu maneno tu ataona tumerudi nyuma. Anayehesabu maswali ambayo meneja hatalazimika kupiga simu kuyauliza ataona vingine.

Angalia pia lugha ya lawama ilivyobadilika. “Hakuna hatua zozote zile ambazo zimeweza kuchukuliwa” ilikwepa kumtaja mtu kwa kutumia kitenzi cha kutendwa, na bado ilisikika kama kelele. “Tulimwarifu mtendaji wa kijiji tarehe 5 na 19 Machi, hatujapata jibu” inataja cheo na tarehe, haimwiti mtu mzembe, na inamwachia meneja aamue mwenyewe. Wanaoogopa kwamba ufupi utawafanya waonekane wakorofi hukosea hapo. Ukorofi hutokana na kukuza jambo, kwa “kubwa sana” na “zozote zile”, kuliko kutaja kilichotokea.

Hata hivyo, yapo maneno yanayofanana na ya kujazia ambayo hayaguswi. “Tunaomba” ni mojawapo. Ukilikata, “Tuma fundi akague pampu” inakuwa amri, na katibu wa kitongoji hamwamrishi meneja wa wilaya. Salamu katika barua ya mtoto kwa babu yake si utangulizi wa kuondolewa. Shikamoo ndiyo jambo la kwanza lenyewe, na barua isiyo nayo itasomwa kwa kukunja uso. Kanuni ya mlango niliyoieleza ni ya barua za kikazi, ripoti na matangazo. Usimpelekee bibi.

Maneno ya shaka nayo ni ya kulindwa kwa wivu: huenda, takriban, inasemekana, kwa mujibu wa. Mhariri mwenye wembe huyaona kama uoga na kuyaondoa. Lakini kama katibu angeandika “huenda fimbo za pampu zimeachana”, hilo “huenda” lingekuwa ukweli mtupu, kwa sababu yeye si fundi na hajafungua pampu. Likiondolewa, barua inadai jambo ambalo mwandishi halijui, na fundi akikuta ni kitu kingine, maneno ya katibu yatapungua uzito siku nyingine. Kuna tofauti kati ya “takriban kaya 140” ya mtu aliyekadiria na “kaya 140” ya mtu mwenye orodha. Katibu wetu ana orodha.

Na kuna kukata kulikopitiliza, ugonjwa wa matangazo ya ukutani na ya simu. “Mkutano kesho saa 4 wote mje.” Kesho ya siku gani, kama tangazo limekaa ubaoni tangu juzi? Saa 4 asubuhi au usiku? Wote ni wanachama au wazazi? Neno “asubuhi” linaonekana la ziada kwa aliyeandika, kwa sababu yeye anajua. Unaweza kuutambua ukataji huu kwa dalili moja: watu wanapoanza kupiga simu kuuliza, umekata nyama.

Kwa kuwa nimetaja simu, kuna mahali ambapo ufupi una bei inayohesabika. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba herufi 160, pamoja na nafasi na alama. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, na wanaotuma kwa mkupuo, kama shule kwa wazazi au kikundi kwa wanachama, kwa kawaida hulipia kila kipande kwa kila mpokeaji. Kuna mtego mdogo wa Kiswahili humo. Ritifaa iliyonyooka katika ng'ombe imo kwenye herufi za kawaida za SMS, lakini ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia kwenye kompyuta huiweka zenyewe, haimo. Ukinakili tangazo lenye ritifaa moja iliyopinda, ujumbe mzima hubadilisha mfumo wa herufi na kikomo hushuka hadi herufi 70. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lililokuwa kipande kimoja linaweza kuwa vitatu kwa sababu ya alama moja.

Barua ya Mbuyuni inaingia kwenye kipande kimoja, ila hapo tumevuka mpaka na kuingia kwenye ufupisho, kwa sababu baadhi ya mambo yameachwa:

“Mbuyuni: pampu ya kisima (Afridev) haitoi maji tangu 3/3, mpini mwepesi. Kaya 140 hazina maji safi. Tunaomba fundi aje kukagua kabla ya 12/4. Katibu.”

Ni herufi 149. Mtendaji wa kijiji ametoka, mkutano umetoka, michango imetoka. Kama ukumbusho kwa meneja aliyekwisha kupata barua, inatosha. Kama barua yenyewe, haitoshi, kwa sababu hakuna kumbukumbu ya nani aliarifiwa na lini, na siku jambo likifika kwa mkuu wa wilaya, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayotafutwa kwenye faili.

Kuhusu mpangilio wa kazi yenyewe, nitasema machache. Usipunguze huku ukiandika. Andika yote, hata kwa kuzunguka, kwa sababu rasimu ndefu ndiyo inayokuonyesha unachokijua na usichokijua. Kisha piga mistari chini ya mambo, uliza maswali, weka majibu, na mwisho kabisa ndipo ukate. Wanaokata kabla ya kuuliza hupata ile barua ya maneno 39. Ukimaliza, isome kwa sauti ya kawaida, si ya jukwaani. Mahali ulimi wako unapoongeza kasi ili upite haraka, mara nyingi pana kirai ambacho hata wewe hukiamini.

Basi toa barua, taarifa ya kikao au tangazo ulilolituma mwisho, upige mstari chini ya kila tarehe, kila idadi, kila jina na kila ombi. Kama aya nzima imepita bila mstari hata mmoja, usianze kukata maneno. Mpigie simu mtu anayejua, umuulize lini, wangapi na nani, kisha uandike upya.